Simu ya sekunde 61, bili ya dakika 2: jinsi ya kupima mtandao unavyokukata

Mchuuzi wa omena Kisumu hapigi simu ndefu. Anauliza Dunga kama mashua zimefika, anauliza bei Usenge, anakata. Simu fupi za namna hiyo ndizo zinazoumia zaidi mtandao unapohesabu kwa dakika, na bei ya tangazo haiwezi kukuonyesha hilo. Pima mwenyewe hivi.

Hatua ya 1: Jua kipimo kabla ya bei. Kila huduma ina kipimo kidogo kabisa cha kutoza: sekunde 1, sekunde 30 au dakika nzima. Kipimo kikiwa dakika, kipande chochote cha dakika kinapandishwa hadi dakika kamili. Sekunde 8 ni dakika 1, na sekunde 61 ni dakika 2. Hesabu huanza simu inapopokelewa, kwa hiyo mlio na kubipu havitozwi. Lakini ukijibiwa na mashine ya ujumbe wa sauti, hiyo ni simu iliyopokelewa.

Hatua ya 2: Jaribu kwa salio lako. Zima data kwanza, la sivyo kredo italiwa na intaneti na jaribio liharibike. Hakikisha pia huna dakika za bonasi, kwa sababu zikitumika hizo salio halitasonga. Angalia salio (Safaricom ni `*144#`), piga simu ya sekunde 10, kata, kisha angalia tena. Rudia kwa sekunde 70. Kama bei ni shilingi 4 kwa dakika na zimeenda senti 67 hivi, kisha shilingi 4.67 hivi, unatozwa kwa sekunde. Zikienda shilingi 4, kisha 8, ni kwa dakika. Kwa bando la dakika, tazama dakika zilizobaki badala ya shilingi.

Hatua ya 3: Andika simu zako za siku moja. Fungua orodha ya simu ulizopiga, uguse kila moja uone urefu wake. Tuseme mchuuzi wetu alipiga 10, kwa sekunde: 8, 14, 22, 25, 37, 48, 61, 64, 95 na 126. Jumla ni sekunde 500. Ziweke kwenye lahajedwali, safu ya B kuanzia mstari wa 2, kisha:

```
C2: =B2*4/60
D2: =CEILING(B2,60)*4/60
```

Nakili fomula hadi mstari wa mwisho, ujumlishe kila safu. C ni malipo ya sekunde kwa sekunde, D ni ya dakika nzima. Kama kipimo ni sekunde 30, badilisha 60 iliyo ndani ya mabano iwe 30. Ile ya mwisho usiiguse, kwani ndiyo inayogeuza bei ya dakika kuwa ya sekunde.

Safu ya C inatoa shilingi 33.33, na D inatoa 60. Bei ya tangazo ni ileile shilingi 4, ila dakika halisi ya mazungumzo imemgharimu 7.20. Angalia upandishaji unafanyika wapi: ni kwenye kila simu. Kama zile sekunde 500 zingejumlishwa kwanza, zingekuwa dakika 9 na bili ingekuwa shilingi 36. Zikipandishwa moja moja zinakuwa dakika 15.

Hatua ya 4: Linganisha ofa kwa simu zako. Ukiletewa ofa ya shilingi 3 kwa dakika nzima, mchuuzi huyu atalipa 15 × 3, yaani shilingi 45. Bado ni ghali kuliko shilingi 4 za kwa sekunde. Gawa 33.33 kwa 15 upate 2.22: bei ya dakika isiposhuka chini ya hapo, ofa haimfai. Anayepiga simu moja ya nusu saa kwao Nakuru hataona tofauti kubwa, maana anapoteza chini ya dakika moja kwa simu nzima.

Mahali hesabu inapokosana. Simu inayokatika njiani ni simu mpya kila ukipiga tena. Mazungumzo ya sekunde 120 yakikatika ukiwa ndani ya matatu, yakawa simu za sekunde 20, 70 na 30, dakika 2 zinageuka 4. Pia skrini inaweza kuonyesha 1:00 na mtambo ukawa umehesabu sekunde 60 na kitu, ukaingia dakika ya pili. Ukiwa kwenye kipimo cha dakika, kata ikifika 0:57.

Tofauti ndogondogo hata kwenye malipo ya sekunde mara nyingi hutoka kwenye senti. Shilingi 4 kwa dakika ni senti 6.67 kwa sekunde. Ikiandikwa senti 7, sekunde zilezile 500 zinakuwa shilingi 35. Na kama gharama ya kila simu inapandishwa hadi shilingi nzima, zinafika 39, hapo ukiwa bado umeambiwa unalipa kwa sekunde. Kwa hiyo ukipigia huduma kwa wateja, usiulize bei peke yake. Uliza kipimo cha chini ni sekunde ngapi, na kama gharama ya kila simu inapandishwa hadi senti au hadi shilingi.