Malipo ya deni si mauzo: maingizo mawili kwa mfano wa duka la Ngamiani

Tuchukue duka la rejareja pale Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Limefunguliwa mwezi huu. Linauza sukari, sembe, mchele, mafuta ya kula na sabuni za mche. Mwenye duka ni mama mmoja, naye ana kijana anayemsaidia kuuza. Takwimu zote hapa chini ni za mfano, na ni chache kwa makusudi ili uweze kuzifuata kwa kalamu.

Hatua ya 1: Tenganisha duka na mwenye duka

Mama anatoa shilingi 3,000,000 za akiba yake na kuziweka dukani. Wewe unaandika vitabu vya duka, si vya mama. Kwa macho ya duka, fedha zimeingia, na papo hapo duka linawajibika kwa mama kwa kiasi hichohicho. Wajibu huo ndio mtaji. Kwa hiyo: debiti Fedha Taslimu 3,000,000, krediti Mtaji 3,000,000.

Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti na krediti ni upande wa kulia, basi. Usitafute maana ya uzuri au ubaya humo. Mali, gharama na vitu anavyojichukulia mwenye duka huongezeka kushoto. Mtaji, madeni tunayodaiwa na mapato huongezeka kulia. Kinachopungua huandikwa upande wa pili.

Wanafunzi wengi huchanganywa na taarifa ya benki, ambayo fedha ukiweka huandika krediti. Benki nayo inaandika vitabu vyake: fedha yako kwao ni deni wanalodaiwa na wewe, na deni huongezeka kulia. Kwenye vitabu vya duka fedha hiyohiyo ni mali, hivyo inakaa kushoto.

Hatua ya 2: Kila tukio, jiulize akaunti mbili

Mama ananunua bidhaa za 1,200,000 kwa fedha taslimu. Debiti Manunuzi, krediti Fedha Taslimu. Kisha anachukua bidhaa za 800,000 kwa mkopo kutoka duka la jumla. Hapa fedha haijaguswa, kwa hiyo usiiguse: debiti Manunuzi 800,000, krediti Wadai 800,000. Analipa kodi ya pango ya mwezi, 150,000: debiti Kodi ya Pango, krediti Fedha Taslimu.

Mauzo ya taslimu ya mwezi mzima ni 650,000: debiti Fedha Taslimu, krediti Mauzo.

Kuna jambo dogo ambalo maduka mengi hayaliandiki kabisa. Mama amepeleka nyumbani kilo 5 za sukari, zilizonunuliwa kwa 2,600 kila kilo, jumla 13,000. Hayo si mauzo, wala si gharama ya duka. Debiti Matumizi ya Mwenye Duka 13,000, krediti Manunuzi 13,000, kwa bei ya kununulia. Usipoandika, mwisho wa mwezi sukari itapungua kwenye hesabu ya bidhaa na kijana ataulizwa imekwenda wapi.

Hatua ya 3: Mauzo ya mkopo, yenye matukio mawili

Hapa ndipo ninapotaka mtulie.

Mama ntilie wa jirani anachukua mchele na mafuta ya 90,000, atalipa baadaye. Bidhaa zimetoka, duka limepata haki ya kudai. Mauzo yamekamilika leo, hata kama droo haijaona senti. Debiti Wadaiwa 90,000, krediti Mauzo 90,000. Na kwenye daftari la madeni, lile la kaunta lenye ukurasa wa kila mteja, jina lake linaandikwa 90,000.

Wiki inayofuata mama ntilie anamtuma mwanawe na 60,000. Fedha imeongezeka, deni limepungua: debiti Fedha Taslimu 60,000, krediti Wadaiwa 60,000. Akaunti ya Mauzo haihusiki, kwa sababu mchele ule ulishauzwa wiki iliyopita. Mali moja, yaani haki ya kudai, imegeuka kuwa mali nyingine, yaani fedha.

Hatua ya 4: Andaa urari

Funga kila akaunti na upange masalio yote kwenye orodha moja, ndiyo urari:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Fedha Taslimu | 2,360,000 | |
| Manunuzi | 1,987,000 | |
| Wadaiwa | 30,000 | |
| Kodi ya Pango | 150,000 | |
| Matumizi ya Mwenye Duka | 13,000 | |
| Mtaji | | 3,000,000 |
| Wadai | | 800,000 |
| Mauzo | | 740,000 |
| Jumla | 4,540,000 | 4,540,000 |

Pande zimelingana. Mwanafunzi huwa anashusha kalamu hapa. Subiri kidogo.

Hatua ya 5: Urari uliolingana unaweza kuficha kosa

Tuseme kijana alipopokea zile 60,000 alizitia kwenye droo na kuziandika pamoja na mauzo ya siku. Ni kosa la kawaida sana, maana kwake fedha ikiingia ni mauzo. Ingizo lake ni debiti Fedha Taslimu 60,000, krediti Mauzo 60,000. Mauzo sasa yanasoma 800,000 na Wadaiwa wanabaki 90,000. Jumla ya kushoto ni 4,600,000, na ya kulia ni 4,600,000. Urari umelingana tena! Na ukihesabu droo, fedha zipo zote.

Urari unapima kitu kimoja tu: kwamba kila debiti imepata krediti ya kiasi hichohicho. Hauwezi kujua kama umechagua akaunti sahihi, wala kama kuna tukio halikuandikwa kabisa.

Angalia madhara yake. Mwisho wa mwezi bidhaa zilizobaki zimehesabiwa na kuthaminiwa kwa bei ya kununulia: 1,375,000. Toa hizo kwenye Manunuzi ya 1,987,000 upate gharama ya bidhaa zilizouzwa, 612,000. Kwa vitabu sahihi, mauzo 740,000 yanaacha faida ghafi ya 128,000, na baada ya kodi ya pango duka lina hasara ya 22,000. Kwa vitabu vya kijana, mauzo 800,000 yanaacha faida ghafi ya 188,000, na baada ya kodi kuna faida ya 38,000. Mama anaweza kujitolea "faida" hiyo akanunulia kanga, kumbe anakula mtaji.

Hatua ya 6: Kulitafuta na kulisahihisha

Usianze kwa kukokotoa upya urari, hautakwambia kitu. Chukua daftari la madeni, jumlisha salio la kila mteja, kisha linganisha na salio la Wadaiwa kwenye leja, yaani kitabu chenye akaunti zote za duka. Mama ntilie alishakatiwa 60,000 kwenye ukurasa wake, kwa hiyo daftari linasema 30,000 wakati leja inasema 90,000. Tofauti ni 60,000, na sasa unajua kiasi unachokitafuta. Pitia siku ambazo wateja walilipa, ukiangalia kiasi hicho ndani ya mauzo.

Njia hii nayo ina mpaka wake. Kijana asipokata deni hata kwenye ukurasa wa mteja, leja na daftari vitakubaliana kwa uongo, 90,000 kwa 90,000. Hapo shahidi aliyebaki ni mteja mwenyewe. Ndiyo maana mwisho wa mwezi mwoneshe kila mteja salio lake kabla hujafunga vitabu, na kila anayelipa apewe risiti inayosema "malipo ya deni".

Kusahihisha, usifute wala kupaka wino mweupe. Andika ingizo jipya: debiti Mauzo 60,000, krediti Wadaiwa 60,000, na pembeni maelezo: "Kurekebisha malipo ya deni yaliyoingizwa kama mauzo", pamoja na tarehe ya ingizo la awali.