Makopo ya vidonge vya maumivu ya viungo yasiyosajiliwa: barua kwa mwenye duka, hatua kwa hatua

Barua hii nilimwandikia mama mmoja mwenye duka la jumla na rejareja hapa Mbeya. Nimeondoa yanayomtambulisha. Mwenye duka yeyote aliyepanga makopo ya aina hiyo anaweza kuifuata kama ilivyo.

Shikamoo mama.

Nimepita dukani mara mbili wiki hii nikakuta wateja wamejaa, nikaona niandike kuliko kukusimamisha mbele za watu. Ni kuhusu yale makopo ya vidonge vya maumivu ya viungo uliyoyapanga juu ya rafu ya sabuni. Siku ile uliniuliza, "Mwanangu, vingekuwa vibaya, wateja wangerudi?" Sikukujibu vizuri. Jibu lenyewe ni kwamba hicho cha kurudi upesi ndicho kinachonitia hofu.

Hatua ya kwanza: shusha makopo yote, usome lebo

Tafuta vitu vinne: jina la kiwanda pamoja na anwani inayoeleweka, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, na namba ya usajili. Kopo nililolishika mimi lilikuwa na picha ya goti na neno "asilia" kwa herufi kubwa, lakini kiwanda hakikutajwa popote. Likimdhuru mtu, hakuna wa kumuuliza isipokuwa wewe uliyeliuza.

Najua msambazaji alikwambia hiki ni chakula tu, hakihitaji mambo ya dawa. Ni kweli kwamba mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia TBS, na TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Lakini chakula nacho kina taratibu zake za usajili huko TBS, hakiingii sokoni kiholela. Tena kopo likishaandikwa kwamba linaponya baridi yabisi, limejiita dawa lenyewe.

Hatua ya pili: hakiki namba, usiridhike kuiona

Namba yoyote inaweza kuchapwa kwenye karatasi. Fungua tmda.go.tz uangalie kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa, au mpe kijana wako wa dukani mwenye simu nzuri akuangalizie. Jina la bidhaa, kiwanda na namba lazima vifanane vyote vitatu. Namba ikileta bidhaa nyingine, hiyo imeibwa. Kopo lisilo na namba kabisa halina la kuhakiki, liweke kando.

Hatua ya tatu: wasikilize wanunuzi wako

Hapa naomba unisome taratibu. Lebo inataja glukosamini na manjano. Glukosamini, hata kwa wale wanaosema imewasaidia, huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona tofauti. Sasa mteja anakwambia amemeza jana usiku na leo asubuhi amepanda daladala bila fimbo. Manjano hayafanyi hivyo. Deksamethasoni hufanya hivyo.

Hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hospitalini hutolewa kwa kipimo na kwa uangalizi. Ni kali kiasi kwamba miligramu 0.75 zake zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Huo ni uzito wa punje chache za chumvi, kwa hiyo kuuficha ndani ya kidonge ni kazi rahisi mno. Huwezi kuujua kwa rangi, harufu wala ladha, na mimi pia siwezi. Ni maabara tu.

Wala siyo dhana yangu. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa maonyo kuhusu virutubisho vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King. Vilipopimwa vilikutwa na deksamethasoni na diklofenaki, na hakuna hata moja iliyotajwa kwenye lebo. Zikikaa pamoja, dawa hizo mbili huongeza hatari ya kidonda cha tumbo kinachovuja damu, na mgonjwa hajui hata kwamba amezimeza. Sisemi makopo yako ni hayo. Nasema bila usajili hakuna aliyeyapima, na mwendo wake kwa wateja unafanana.

Nikueleze kilichotokea kwa mama mmoja niliyemhudumia. Ana kisukari, anameza metfomini, na sukari yake ya asubuhi ilikuwa ikikaa 7 au 8. Alianza vidonge vya viungo kutoka duka fulani, viwili kwa siku, kipindi cha baridi ya Juni. Magoti yakapona, hamu ya kula ikaongezeka, uso ukajaa ukawa wa duara. Majirani wakamwambia amenawiri. Miezi mitatu baadaye sukari ilisoma 16, na kliniki wakamwongezea dawa wakidhani anakula ovyo.

Kisha mzigo ukachelewa mpakani na makopo yakaisha. Siku ya nne bila vidonge akaanza kutapika, hana nguvu, akisimama anaona giza. Presha ilikuwa 85 kwa 50. Mwili una tezi mbili ndogo juu ya figo zinazotengeneza homoni ya aina hiyohiyo ya steroidi. Ukiuletea kutoka nje kila siku kwa majuma, tezi zile hulala. Ukiikata ghafla, hazijaamka, na mtu anaweza kufa. Aliokolewa kwa sababu mwanawe alifika na kopo mkononi, daktari akashuku steroidi, akamchoma haidrokotisoni mshipani kuziba pengo la homoni hiyo.

Hatua ya nne: yatenge, lakini usiyarudishe wala kuyatupa

Tia makopo kwenye boksi, lifunge kwa gundi, andika idadi na tarehe, weka stoo. Usimrudishie msambazaji, maana kesho yatakuwa duka la jirani. Usiyachome uani wala kuyamwaga chooni. Tafuta risiti, au kama alikuuzia bila risiti, andika namba yake ya simu na siku alizoleta. Kisha tupige simu ofisi ya TMDA ya kanda, ipo hapahapa Mbeya. Naelewa unaogopa faini na kupoteza mtaji. Mtaji wa makopo hayo hautarudi, nisikudanganye. Ila mwenye duka anayejipeleka na boksi lililofungwa anasikilizwa tofauti na anayekutwa anauza.

Hatua ya tano: wateja waliokwisha kuyatumia

Watu wengi hukosea hapa kwa nia njema. Usimwambie mtu, "Acha leo leo." Umeshaona yaliyompata yule mama. Aliyemeza siku mbili tatu anaweza kuacha. Aliyetumia kwa majuma kadhaa aende hospitali siku hiyohiyo akiwa na kopo lake, aseme ametumia muda gani na vidonge vingapi kwa siku. Daktari akiona ni steroidi atampunguzia kidogo kidogo kwa dawa yenye kipimo kinachojulikana. Mwenye kisukari, presha au vidonda vya tumbo umtangulize.

Najua huwakumbuki wote, lakini daftari lako la mikopo linao wengi. Anza na hao.

Jumamosi jioni ukishafunga nitapita tuandike majina pamoja. Kabla ya hapo naomba usiuze hata kopo moja. Na akitokea mteja anayetapika, amelegea, au anaona kizunguzungu akisimama, usisubiri Jumamosi: mwitie bodaboda aende hospitali, na umpe kopo mkononi.

Mwanao, mfamasia wa ng'ambo ya barabara.