Pampu ya kisima inavuma tu, mota haizunguki: pima hivi kabla hujaivuta juu

Somo hili ni la pampu ya kuzamisha ya fezi moja, yenye boksi la kapasita juu ya ardhi na nyaya tatu zinazoshuka kisimani. Ukiwasha ukasikia mvumo bila maji kupanda, zima papo hapo. Mota iliyokwama huvuta mkondo mara nne hadi sita ya kawaida yake, na koili zinaweza kuungua kabla hujamaliza kujiuliza kuna nini. Kila jaribio lisizidi sekunde mbili au tatu, kisha uiache ipoe.

Wengi hukimbilia kubadili kapasita. Mimi naomba uanze na volti, tena uzipime wakati mota inajaribu kuanza, si ikiwa imezimwa. Juzi niliitwa kwenye mota ya 1.1 kW ambayo ilishabadilishiwa kapasita mbili na bado inavuma. Ilipokuwa imezimwa, multimita ilionyesha volti 228, ndiyo maana kila aliyepima aliridhika. Nikaweka ncha za mita kwenye boksi, mwenzangu akawasha: volti zikaporomoka hadi 168. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ilibaki na nusu na ushei tu. Kwa mota ya volti 230, ukiona chini ya 207 inapoanza, shughulikia umeme kwanza.

Kujua volti zinapotelea wapi, rudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya swichi kuu ya pampu nilipata 221 mota ikijaribu kuanza, baada yake 168. Volti 53 zilikuwa zinaishia ndani ya swichi! Klampu mita ilisoma ampea 30, maana yake karibu wati 1,600 za joto kwenye skrubu moja. Nilipofungua, plastiki ilikuwa imeyeyuka na waya umegeuka kahawia. Tulikata ncha iliyoungua, tukaweka swichi mpya, pampu ikaanza kwa kishindo kimoja.

Volti zikiwa nzuri, sasa njoo kwenye kapasita. Zungushia klampu mita waya mmoja tu, ule wa koili ya kuanzishia unaotoka kwenye kapasita. Mota ikivuma huku waya huo ukisoma sifuri, koili hiyo haipati umeme: kapasita imekatika, au waya au koili yenyewe imekatika. Zima umeme kabisa, toa chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-ohmu 20 kwa sekunde chache (usiigonganishe kwa bisibisi), ichomoe, kisha pima mikrofaradi. Iliyoandikwa 40 ikisoma 21, ni ya kutupa, hata kama haijavimba.

Volti nzuri, kapasita nzima, waya wa kuanzishia una mkondo, na bado inavuma? Hapo pampu imekwama, na sasa ndipo kuivuta kunastahili. Ikishatoka, tenganisha pampu na mota. Zungusha shafti ya kila upande kwa mkono. Ya mota inatakiwa kuzunguka kwa uzito ulio sawa mzunguko mzima. Ya pampu ikigoma, impela zimebanwa na mchanga au chokaa iliyoganda. Mchanga hutoka kwa kufungua na kuosha. Chokaa iloweke kwenye siki. Usiigonge nyundo, maana shafti ikipinda kidogo tu itakula beringi. Mota usiijaribu kavu, kwa kuwa beringi za nyingi za aina hii hulainishwa na maji: izamishe kwenye pipa na uifunge imara, kwani huruka inapoanza.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nikiweka kapasita kubwa zaidi si itasukuma kwa nguvu?*
Hapana, ndugu yangu. Kapasita hiyo hubaki kwenye mzunguko muda wote, na mikrofaradi zikizidi, koili ya kuanzishia hupashwa joto hadi iungue. Mikrofaradi ziwe zile zile. Volti zake zaweza kuwa juu zaidi, lakini zisiwe chini.

*Yangu ni ya fezi tatu, haina kapasita, na inavuma vilevile.*
Pima fezi kwa fezi, mota ikijaribu kuanza. Mara nyingi utakuta fezi moja imepotea, kwa fyuzi iliyokatika au kontakta iliyoungua mdomo mmoja. Fezi zote zikiwepo na pampu imebanwa na mchanga, badilishana nyaya mbili ili izunguke kinyume kwa sekunde chache. Mara nyingine hujifungua. Usisahau kuzirudisha.

*Kwa umeme wa gridi inawaka vizuri, kwa jenereta inavuma. Kapasita?*
Kapasita ingekusumbua kwenye gridi pia. Pima volti za jenereta pampu inapoanza, utaona zinavyoanguka. Jenereta hiyo haiwezi kubeba mkondo wa kuanzia.