Gari inapandisha joto mlimani tu, ukisimama geji inashuka: cheki mpira wa chini wa rejeta kwanza

Habari zenu wadau. Hili somo naliandika kwa ajili ya mtu anayejiandaa na safari ndefu, maana mimi nusura nifunguliwe injini bure.

Nilikuwa natoka Dodoma kwenda Iringa kwa njia ya Mtera. Mpaka bwawani gari iko vizuri kabisa, geji imekaa katikati. Nimeanza kupanda Nyang'oro nakanyaga mafuta, geji nayo inapanda, nikapaki pembeni injini ikinguruma taratibu na haikuchukua muda geji ikarudi katikati yenyewe, nikaondoka, mbele kidogo yale yale. Iringa fundi wa kwanza akaniambia gasketi ya silinda hedi imekwisha, tufungue. Nikaenda kwa mzee mwingine, yeye hakushika hata spana, akamwambia kijana wake kaa kwenye usukani kanyaga mafuta kidogo kidogo, mimi na yeye tukachungulia chini. Mpira wa chini wa rejeta ukabonyea mbele ya macho yetu mpaka kuta zikagusana, kama mrija unapofyonza juisi nzito. Kijana akaachia mafuta, mpira ukajaa tena.

Sababu ni hii: mpira wa juu unapeleka maji ya moto kwenye rejeta kwa msukumo, lakini wa chini unafyonzwa na wota pampu. Ukikanyaga mafuta pampu inafyonza zaidi, mpira uliochoka unabonyea, maji hayapiti, joto linapanda kweli. Ukisimama hakuna kinachoonekana, ndio maana lawama zinaenda kwa themostati au gasketi.

Sasa kukagua, fanya angalau siku tatu kabla ya safari ili upate muda wa kutafuta spea.

Kwanza injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi ni nzuri. Minya mpira katikati kwa vidole, unatakiwa uwe mgumu kiasi na ukiachia urudi haraka. Ukiwa laini kama tambi iliyoiva, au unalia krak krak ndani, badilisha. Halafu minya karibu na klempu, sentimita 3 hadi 5 kutoka mwisho, hapa usipaharakishe maana mpira mara nyingi unaoza kwa ndani kuanzia huko na nje unang'aa tu. Ukivimba na kunata pia angalia kama kuna oili inaudondokea.

Pili, washa gari mpaka ipate joto na mpira wa chini nao uwe wa moto, ndio ujue themostati imefungua. Mwenzako apandishe mizunguko mpaka 2500 au 3000, wewe unaangalia kwa tochi. Mikono na nguo mbali na mkanda na feni, feni ya umeme inajiwasha bila taarifa. Na mfuniko wa rejeta usiufungue kukiwa na moto, hata kama una haraka.

Ukibadilisha, pasua ule wa zamani uangalie kama una springi ndani. Baadhi ya gari zinayo, ndiyo inazuia mpira usibonyee, na ikiliwa na kutu mpira unabaki peke yake. Wa kwangu nilikuta vipande vya kutu tu. Ukishafunga mpya jaza kulanti, washa hita, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, mpaka mapovu yaishe.

Maswali

*Kaka, wangu unabonyea asubuhi gari ikiwa imelala, ule wa juu. Ni huo huo ugonjwa?*
Hapana ndugu yangu. Injini ikipoa maji yanasinyaa, mfuniko wa rejeta unatakiwa uruhusu maji yarudi kutoka kwenye tanki la akiba. Kavalvu kadogo ka mfuniko kakikwama, au kale kampira ka kwenda tankini kakiziba, mipira inafyonzwa. Anza na mfuniko, ni bei ndogo.

*Nimeweka mpira mpya bado unabonyea nikipiga resi, niko Manyoni.*
Basi usilaumu mpira dada. Rejeta ikiziba ndani maji hayafiki chini kwa kasi ambayo pampu inavuta, hata mpira mzuri unabonyea. Peleka rejeta ikasafishwe, ila hakikisha kwanza na huo mpya haukuhitaji springi.

*Fundi anataka kunizungushia waya wa kufungia nondo auingize ndani uwe springi, sawa?*
Usikubali mkuu. Waya ule unashika kutu haraka, unakwaruza mpira kwa ndani, na ukikatika vipande vinaenda kwenye pampu.

*Ikinitokea porini na duka la spea hakuna?*
Simama ipoe, kisha uendelee na gia ya juu kidogo huku mizunguko iko chini, hata kama malori yanakupita. Mlimani ukiona geji inapanda simama tena. Mimi ningefika Iringa kwa mwendo huo, ila mpira wenyewe usingenirudisha Dodoma.