Mkopo wa dola, mdhamini wa shilingi: kabla baba mdogo hajatia saini

Nilikuwa nimekaa pembeni ya baba mdogo siku alipotia saini kunidhamini mkopo wa masomo, kwenye ofisi moja pale Posta, mwaka 2022. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza kwa makini, akafungua wa pili, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa wamesema kiasi gani?" Nikamjibu dola 20,000. Akaitikia kwa kichwa na kutia saini kurasa zote tano. Ukurasa wa nne ulikuwa na maneno "dhamana bila kikomo". Mimi msomi wa kwenda Marekani sikuuliza maana yake, na yeye hakutaka kunionyesha kwamba ana wasiwasi.

Naandika haya kwa ndugu walioko nje, kwa sababu wengi wetu tupo pande zote mbili za karatasi hiyo. Leo unakopa wewe, kesho mdogo wako wa Tabata anakupigia simu umdhamini.

Tuanze na hesabu tuliyoifanya siku ile, kwa sababu makosa yalianzia hapo. Mkopo ulikuwa dola 20,000, riba isiyobadilika ya asilimia 12 kwa mwaka, marejesho ya miaka 7. Tukagawanya tukapata dola 353 kwa mwezi. Dola ilikuwa karibu shilingi 2,310, kwa hiyo shilingi 815,000 hivi. Baba mdogo alikuwa anapokea mkononi 1,600,000 kwa mwezi. Alisema, "Ikitokea umekwama mwezi mmoja miwili, nitabana." Alikuwa amepima mzigo kwa mizani yake, na aliupima kwa uaminifu.

Kitu cha kwanza tulichokisahau ni kwamba riba haisubiri umalize shule. Nilisoma miezi 12, nikapewa miezi 6 ya kupumua kabla ya kuanza kulipa. Kwa miezi hiyo 18 riba ya dola 200 kila mwezi ilikuwa ikijikusanya, na siku ya kuanza kulipa ikaunganishwa na deni la awali. Deni likawa dola 23,600, na rejesho likapanda kutoka 353 hadi karibu 417. Wengi huona "hulipi chochote unaposoma" wakadhani ni zawadi. Kama ungeweza kulipa zile dola 200 kila mwezi kutokana na kazi za chuoni, deni lingebaki 20,000. Muulize mkopeshaji kwa maandishi: riba ya wakati wa masomo inaunganishwa na deni lini, na mara ngapi?

Kitu cha pili ni shilingi yenyewe. Nilichelewa kupata kazi. Anayemaliza chuo Marekani kwa viza ya mwanafunzi hupewa kibali cha kazi cha OPT cha miezi 12, na ndani yake hatakiwi kuzidisha jumla ya siku 90 bila ajira. Siku zangu zilikuwa zinahesabika, akiba imeisha, na katikati ya 2024 nikakosa malipo mawili mfululizo. Baba mdogo alipata ujumbe kwenye simu asubuhi kabla mimi sijaamka huku. Dola ilikuwa karibu 2,620. Rejesho moja likamtoka karibu 1,090,000. Hicho ndicho alichoita "nitabana", ila kimeongezeka kwa 275,000 kila mwezi ukilinganisha na alichokubali moyoni. Miezi miwili akaishi kwa kinachobaki, na mama mdogo hakuambiwa.

Hapa ndipo penye somo la fedha. Mkopo wa dola kwa asilimia 12 unaonekana nafuu ukiuweka kando ya mkopo wa shilingi wa asilimia 17 au 18 jijini Dar es Salaam. Lakini kwa atakayelipa kwa shilingi, ikiwa shilingi inashuka asilimia 5 kwa mwaka, gharama halisi ya ule wa dola ni karibu asilimia 17.6. Ukipata mshahara wa dola kweli utafaidika. Ukirudi nyumbani kabla deni halijaisha, au mdhamini akishika nafasi yako, nafuu yote imekwenda. Na ukirudi ukaajiriwa nyumbani wakati una deni la Bodi ya Mikopo la shahada ya kwanza, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara kwanza, kabla hujafikiria dola 417.

Kinyume chake nacho kina ncha. Ukikopa shilingi Dar na kulipa kwa kutuma dola kutoka nje, shilingi ikishuka unapumua. Lakini mwisho wa 2024 shilingi ilipanda kwa miezi michache kutoka karibu 2,700 hadi karibu 2,400 kwa dola moja. Waliokuwa wanatuma dola ileile kila mwezi walijikuta rejesho halikamiliki. Hata hivyo, kama mdhamini wako analipwa shilingi, mkopo wa shilingi unamlinda zaidi, kwa sababu dola ikipanda, deni lake halipandi. Mimi ningechagua hivyo leo.

Sasa dhamana. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mdhamini anawajibika kwa kadiri ileile ya mkopaji, yaani deni lote, isipokuwa mkataba useme vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyafanyia kazi. Omba dhamana yenye kikomo, mfano isizidi marejesho sita, na itajwe kwa shilingi. Omba kifungu cha kumwachia mdhamini baada ya malipo kadhaa yasiyochelewa. Omba ajulishwe siku ileile unapochelewa, si baada ya miezi mitatu riba ya adhabu ikiwa imeshapanda. Wakopeshaji wengine watakataa, wengine watapunguza. Asiyeomba hupewa fomu ilivyo.

Ikiwa wanataka hati ya nyumba, simama kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Mama mdogo si wa kupitwa, na akisaini asaini akiwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtu asiyelipwa na benki. Binafsi siamini kwamba mkopo wa shahada ya mwaka mmoja una haki ya kugusa paa la wazee. Kama masharti ndiyo hayo, tafuta chuo cha bei ya chini au mwaka mwingine.

Tulipokaa sebuleni Tabata baada ya ile miezi miwili, nilipokuja likizo nikiwa tayari na kazi, tulifanya kitu kimoja ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya saini. Tulifungua akaunti ya dola Dar, nikaweka marejesho matatu, dola 1,251. Si yangu wala si yake. Ni ya siku ambayo mshahara umekatika huku. Ikitumika, mimi ndiye ninayejaza, kabla sijatuma hela nyingine yoyote nyumbani, hata ya harusi. Kisha tukachukua karatasi tukaandika kiasi cha rejesho kwa dola, na chini yake shilingi kwa kiwango cha 2,600, cha 2,900 na cha 3,200: 1,084,000, 1,209,000 na 1,334,000. Baba mdogo alivaa miwani yake tena, akaisoma ile ya mwisho mara mbili, akasema, "Hii ndiyo ungenionyesha siku ile." Mama mdogo alikuwa amekaa naye, anasoma pia.