Kabla ya kutafsiri tamko la forodha: neno "mpira" lilivyonikwamisha

Pata ankara, orodha ya vifungashio na karatasi ya kiufundi ya mtengenezaji kabla hujaandika chochote. Chapa na namba ya modeli ziache zilivyo. Vipimo usivigeuze.

Maelezo ya bidhaa ndipo mahali pa kutulia. Niliwahi kutafsiri ankara ya roli 400 za bomba laini la bustani. Nikaandika "mipira ya kumwagilia maji", kwa sababu ndivyo sote tunavyosema. Lakini bomba lile lilikuwa la plastiki ya PVC. Msimbo wa forodha wa bidhaa uliojazwa kwenye tamko ulikuwa 3917.39, yaani plastiki, na maneno yangu yakasema mpira, ambao mabomba yake yako kwenye kifungu 4009. Ofisa akaona vitu viwili visivyopatana, akazuia mzigo na kutaka sampuli. Siku tisa za gharama za kuhifadhi kontena, na mteja alikuwa na haki ya kunilaumu.

Tangu hapo naandika hivi: "Mabomba laini ya plastiki ya PVC, yaliyoimarishwa kwa nyuzi za poliesta, bila viungio, ya kumwagilia bustani." Kila kipande hapo kina kazi. 3917.32 ni ya mabomba yasiyoimarishwa na yasiyo na viungio, 3917.33 pia hayajaimarishwa, ila yana viungio vyake. Ukiacha neno "yaliyoimarishwa", umehamisha bidhaa kwenye kijisehemu kingine bila kujua. Kama karatasi ya kiufundi haisemi kuna nyuzi au hakuna, uliza. Usikisie kwa picha.

Wala usinakili maneno ya msimbo na kuyafanya ndiyo maelezo. Neno kama "Nyinginezo" lina maana ndani ya jedwali la misimbo tu, kwa kulinganishwa na vijisehemu vya juu yake. Kwenye tamko halimwambii ofisa chochote. Kichwa cha sura nacho ni cha kukuelekeza tu. Kinachoamua ni maneno ya kifungu chenye tarakimu nne pamoja na maelezo ya sehemu na sura, kwa hiyo yasome hayo. Tarakimu sita za kwanza za msimbo ni za kimataifa; zinazofuata kila nchi hujiwekea, basi usizihamishe kutoka tamko la nchi nyingine.

Asili ya bidhaa: liogope neno "imetoka". Bidhaa iliyotengenezwa nchi moja na kupakiwa melini nchi nyingine "imetoka" kote kuwili. Andika "nchi ilikotengenezwa" na "nchi ilikosafirishwa" mbalimbali. Kufungashwa upya peke yake kwa kawaida hakubadilishi asili. Na tamko la asili la kudai nafuu ya ushuru lina maneno yaliyowekwa na mkataba wenyewe: tafuta matini rasmi ya lugha unayohitaji uyanakili neno kwa neno, hata kama sentensi yako ni nzuri zaidi.

Linganisha uzito halisi na uzito jumla. Hesabu roli, si katoni. Na ukikuta ankara inasema hivi na cheti cha uasili kinasema vile, usisawazishe mwenyewe; mrudishie wakala wa forodha kabla hajawasilisha.