Kadiria haraka bei ya kukwepa bahati nasibu ndogo

Ukitaka kujua mtu atakubali kupoteza kiasi gani ili aepuke bahati nasibu ndogo yenye wastani wa sifuri, huna haja ya kutafuta jibu kamili. Kanuni ya Arrow na Pratt inatosha:

π ≈ ½ · A · σ², ambapo A = −u''(w)/u'(w)

π ni kiasi hicho atakachokubali kupoteza, u ni manufaa anayopata kutokana na mali yake w, na σ² ni variansi, yaani kipimo cha mtawanyiko wa matokeo. A hupima jinsi mchoro wa manufaa unavyopinda pale mali ya mtu ilipo.

Chukua mwenye sh 1,000,000 na manufaa u = ln w, hivyo A = 1/w. Sarafu inarushwa: apate au apoteze 100,000. Variansi ni 100,000², yaani 10,000,000,000. Nusu yake ukigawa kwa 1,000,000 unapata sh 5,000. Jibu kamili ni takriban 5,013, karibu sana.

Dau likifika 500,000, kanuni inasema 125,000 ilhali ukweli ni karibu 133,975, kwa sababu mpindo wenyewe hubadilika njiani. Na kosa ninaloliona mara nyingi ni kusahau kipeo: ukiweka σ badala ya σ², kwa dau la 100,000 unapata senti 5 tu.